Kioo Kishuke Mpaka Wapi? Upepo wa Chemba ya Moshi na Kazi Zinazoistahili

Weka gramu moja ya vipande vya shaba kwenye bika, kisha miminia asidi kali ya nitriki. Asidi inageuka kijani, inachemka yenyewe bila moto, na juu yake linainuka wingu la rangi ya kahawia. Wingu hilo ni gesi ya naitrojeni daioksaidi. Wanafunzi wengi wa kemia wameliona likipaa, na wengi wamelivuta kidogo, wakakohoa na kuendelea na kazi.

Hesabu ya wingu hilo ni ya kidato cha tatu. Kila moli ya shaba inatoa moli mbili za gesi, na kwa joto la kawaida la chumba moli moja ya gesi hujaza lita 24. Gramu moja ya shaba, kwa hiyo, hutoa takriban robo tatu ya lita. Tuchukue maabara yenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3, yaani lita 144,000 za hewa. Gesi ikisambaa sawasawa chumba kizima, kila sehemu milioni moja za hewa zitakuwa na sehemu 5 za gesi. Sheria ya kazi ya Marekani imeweka kikomo papo hapo, sehemu 5 kwa milioni, kisichopaswa kuvukwa hata kwa dakika moja. Wataalamu wa afya kazini wa nchi hiyohiyo wanashauri kikomo kishuke hadi sehemu 1.

Hiyo ni gramu moja tu, iliyoyeyushwa na mtu mmoja. Tena gesi haisambai sawasawa: aliyeinama juu ya bika anavuta nzito kuliko aliyekaa dirishani. Ubaya mwingine wa gesi hii ni kwamba haimwangushi mtu hapohapo. Anaweza kukohoa kidogo, akarudi nyumbani anajisikia mzima, na saa kadhaa baadaye mapafu yakaanza kujaa maji.

Kwa sababu ya kazi kama hii maabara nyingi zina kabati kubwa lenye kioo mbele na feni ya kufyonza nyuma yake, ambalo sisi mafundi sanifu wa maabara tunaliita chemba ya moshi, au chemba tu. Mara nyingi ndicho kifaa ghali kuliko vyote chumbani, na ndicho kisichoulizwa maswali. Feni ikinguruma, watu wanaamini kwamba chemba inafanya kazi. Mngurumo unathibitisha kwamba mota inazunguka. Kama gesi inatoka ni jambo jingine, na linahitaji kupimwa.

Upepo dhaifu kuliko mwendo wako

Chemba haizuii gesi kwa ukuta. Inaizuia kwa upepo unaoingia ndani kupitia uwazi wa mbele, chini ya kioo, kisha ukatoka kupitia mianya ya ubao wa nyuma, ukapanda bomba hadi juu ya paa. Mwanya mmoja uko chini karibu na meza ya chemba, mwingine juu, na mara nyingi kuna wa katikati. Imepangwa hivyo ili gesi nzito zinazotambaa chini na zile za moto zinazopanda zote zipate njia.

Kasi inayotakiwa pale mdomoni ni karibu nusu mita kwa sekunde. Taasisi nyingi hukubali kuanzia 0.4 hadi 0.6. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda zaidi ya mita moja kwa sekunde. Maana yake mwanafunzi anayepita haraka nyuma yako anasukuma hewa kwa nguvu inayozidi ule upepo unaokulinda, na anaweza kuvuta moshi ukatoka nje pamoja naye. Mlango unaofunguliwa kwa kishindo hufanya vivyo hivyo. Dirisha lililo wazi siku ya upepo nalo huleta shida, na pangaboi lililo juu ya kichwa ndilo baya zaidi, kwa kuwa halichoki.

Kwa nini basi tusiweke feni kubwa, upepo uende mita moja au mbili kwa sekunde? Kwa sababu mwili wako umesimama mbele ya uwazi huo. Hewa inayotoka nyuma yako inakuzunguka, inagawanyika mabegani, na mbele ya kifua chako inabaki sehemu ambayo hewa inajiviringisha badala ya kwenda moja kwa moja. Upepo ukiwa wa kiasi, mviringo huo ni mdogo. Ukizidi, karibu mita 0.75 kwa sekunde na kuendelea, mviringo unapata nguvu ya kuchota gesi iliyo karibu na ukingo na kuileta usawa wa pua. Chemba yenye upepo mkali kupita kiasi inaweza kumdhuru mtu sawa na iliyolegea.

Hapo ndipo inapotoka kanuni ya sentimita 15. Kila chombo kinachotoa gesi kikae ndani angalau sentimita 15 kutoka ukingo wa mbele, mbali na mviringo ule. Chemba nyingi huwekewa mstari wa utepe mezani kuonyesha mpaka huo. Mstari ukiwa umefutika, tepu ya rangi na rula vinatosha kuurudisha.

Hesabu ya kioo

Kioo cha mbele hupanda na kushuka, na mahali kilipo ndipo kunapoamua nguvu ya upepo kuliko jambo lolote lililo mikononi mwa mtumiaji. Feni ya chemba ya kawaida huvuta kiasi kilekile cha hewa kila sekunde. Hewa hiyo ikipita kwenye uwazi mkubwa inakwenda polepole, ikipita kwenye uwazi mdogo inakimbia, kama maji ya mpira unapoziba nusu ya mdomo wake kwa kidole gumba.

Tuchukue chemba yenye uwazi wa upana wa mita 1.2. Kioo kikiwa sentimita 45 juu ya meza, eneo la uwazi ni mita za mraba 0.54. Kama upepo ni nusu mita kwa sekunde, feni inavuta mita za ujazo 0.27 kila sekunde. Sasa mtu anapandisha kioo hadi sentimita 75 ili aingize chombo kirefu, kisha anakiacha hapohapo. Eneo limekuwa mita za mraba 0.90. Ukigawa 0.27 kwa 0.90 unapata 0.30. Feni haijabadilika, mngurumo ni uleule, lakini upepo umeshuka chini ya kiwango. Na sasa uso wake wote uko wazi mbele ya kazi.

Hiyo sentimita 45 ndiyo alama ya kawaida, na chemba nyingi zina kibandiko au kizuizi pembeni kinachoonyesha kioo kisivuke hapo wakati wa kazi. Alama hiyo si ya mapambo: kipimo cha upepo kilichoandikwa kwenye kibandiko kilichukuliwa kioo kikiwa mahali hapo, na kina maana kioo kikiwa hapo au chini yake. Mtu mfupi anapaswa kukishusha zaidi, mpaka ukingo wake wa chini uwe chini ya kidevu. Kazi nzuri ndani ya chemba hufanywa kwa mikono iliyopita chini ya kioo na macho yanayotazama kupitia kioo. Bika likiruka au asidi ikifoka, kioo ndicho kinachopokea.

Je, tukishushe hadi karibu chini kabisa? Wakati mchanganyiko unachemka wenyewe na hauhitaji mkono wako, ndiyo. Lakini wakati wa kupima na kumimina kuna mpaka. Kwenye chemba yetu, kioo kikiwa sentimita 20, upepo ungefika mita 1.1 kwa sekunde, wa kutosha kuyumbisha mwali wa gesi na kupeperusha unga kwenye karatasi ya kupimia. Watengenezaji wengi wameliona hilo, wakaweka uwazi mwingine juu ya kioo unaofunguka kioo kinaposhuka, ili sehemu ya hewa ipitie huko. Chemba za kisasa zaidi hupunguza mwendo wa feni zenyewe, na hapo kushusha kioo kunaokoa umeme, pamoja na hewa iliyopozwa ambayo ingetupwa nje ya paa bila sababu.

Ubani, karatasi na kipima upepo

Kila asubuhi kabla ya kazi, bandika kipande chembamba cha karatasi ya tishu kwenye ukingo wa chini wa kioo. Kikielekea ndani, hewa inaingia. Kikining'inia wima au kikicheza nje na ndani, usianze kazi. Kipimo hiki ni cha sekunde chache na hakigharimu kitu, ila kinajibu swali moja tu: hewa inaelekea wapi. Hakisemi ni kiasi gani.

Moshi unasema zaidi. Mafundi walio na bajeti hutumia mirija maalumu ya moshi wa kupimia, lakini kijiti cha udi cha dukani kinaonyesha mengi, mradi ndani ya chemba kusiwe na kimiminika kinachoshika moto. Shusha kioo kwenye alama, washa udi, upitishe taratibu kwenye ukingo wote wa uwazi: chini kutoka kushoto hadi kulia, kisha pembeni, kisha chini ya kioo. Moshi unapaswa kwenda ndani kwa mstari ulionyooka na kuishia kwenye mianya ya nyuma. Kisha ingiza udi sentimita 15 ndani, usimame kama unavyosimama ukifanya kazi, na umwombe mwenzako atazame kutoka pembeni. Moshi ukijikunja kuelekea kifuani pako, umeona kwa macho kile ambacho gesi isiyo na rangi ingekufanyia kwa siri.

Katika maabara moja ya chuo nilikofanya kazi, moshi wa udi ulikwenda vizuri upande wa kushoto, lakini upande wa kulia ulitoka nje, ukapanda mbele ya kioo. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mwalimu, naomba uzime pangaboi."

Akalizima. Mapanga yalipotulia, moshi ulirudi ndani, ingawa kwa uvivu. Nusu ya tatizo lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Nusu ya pili tuliipata baada ya kuchukua kipima upepo.

Kipima upepo ni kifaa cha mkononi chenye panga dogo linalozunguka au waya wa moto unaopozwa na hewa, na kinaonyesha kasi kwa tarakimu. Kosa la kawaida ni kukiweka katikati ya uwazi, kusoma namba moja na kuondoka. Uwazi unapaswa kugawanywa kwenye miraba isiyozidi sentimita 30 kila upande, usome katikati ya kila mmoja, ukisimama pembeni ili mwili wako usizibe hewa, na usubiri sekunde kadhaa namba itulie. Kwa chemba yetu ya mita 1.2 kwa 0.45 hiyo ni miraba minane, minne juu na minne chini.

Namba zilifanana na hizi. Safu ya juu, kutoka kushoto: 0.52, 0.49, 0.50 na 0.31. Safu ya chini: 0.48, 0.51, 0.47 na 0.28. Zijumlishe, gawa kwa nane, unapata takriban 0.45. Kwa wastani chemba imefaulu. Lakini upande wa kulia namba mbili ziko chini ya wastani kwa asilimia 30 na zaidi, ilhali wengi hawakubali tofauti ipite asilimia 20. Anayefanya kazi upande huo hana ulinzi anaodhani anao. Wastani peke yake ungemficha.

Sababu ilikuwa ndani ya chemba yenyewe. Kwenye kona ya kulia zilipangwa chupa za asidi na viyeyushi, zimeegemezwa kwenye ubao wa nyuma na kuziba mwanya wa chini. Chemba ilikuwa imegeuzwa stoo. Tulizihamishia kwenye kabati lake, tukapima tena. Wastani ulipanda hadi karibu 0.48, na hakuna mraba uliosoma chini ya 0.45. Hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Jambo hilohilo linahusu vyombo vikubwa kama jiko la kupashia moto au bafu la maji. Vikikaa moja kwa moja mezani huziba njia ya hewa ya chini. Vikiinuliwa sentimita 5 kwa vipande vya matofali au miguu ya chuma, hewa inapita chini yake na mwanya wa nyuma unaendelea kuvuta.

Feni inapodanganya

Namba zikiwa ndogo kwenye miraba yote, si upande mmoja, tatizo liko nje ya kabati, na kuna mpangilio mzuri wa kulitafuta.

Anza na chumba. Hewa inayotoka kwa feni lazima iingie kutoka mahali fulani. Chumba kikifungwa madirisha na milango kwa sababu ya kiyoyozi, feni inavuta kutoka kwenye chumba kisicho na pa kuingizia hewa, na kasi inashuka. Dalili yake ni mlango unaokuwa mzito kuufungua au unaopiga filimbi kwenye nyufa. Fungua dirisha moja lililo mbali na chemba, pima tena. Namba zikipanda, umepata jibu.

Kisha panda kwenye paa. Mkanda unaounganisha mota na feni hulegea na kuteleza, na mara nyingi hutoa mlio mkali wakati wa kuwasha. Mapanga ya feni huliwa na mvuke wa asidi, na ukanda wa pwani chumvi ya baharini huongeza kutu kwa nje. Chemba zilizokaa likizo nzima bila kuwashwa huvutia wapangaji: nyigu hujenga viota vya udongo ndani ya bomba, na ndege hupenda mdomo wa bomba usio na wavu.

Kosa moja huwapita hata mafundi wazuri. Feni nyingi za chemba ni za aina ya konokono, zinazonyonya hewa katikati na kuitupa pembeni, na huendeshwa na mota ya umeme wa fezi tatu. Mota ikishushwa kutengenezwa na nyaya mbili zikabadilishana nafasi wakati wa kuirudisha, feni inazunguka kinyume. Mtu angetarajia hewa irudi chumbani, kila mtu aone. Haiwi hivyo. Feni ya aina hii ikizunguka kinyume bado inatupa hewa upande uleule, ila kwa kiasi kidogo sana. Inanguruma, karatasi ya tishu inaelekea ndani kidogo, na kila mtu anaridhika. Kipima upepo pekee ndicho kinachoona kwamba umebaki na upepo kiduchu. Kwenye ganda la feni kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Baada ya matengenezo yoyote ya umeme, mshale huo utazamwe feni inapoanza kuzunguka au inapokaribia kusimama, kisha chemba ipimwe upya. Kubadilisha nyaya mbili ni kazi ya fundi umeme, na haichukui muda mrefu.

Kasi nzuri pia ina mpaka wake. Chemba inaweza kusoma 0.5 kila mahali na bado ikavujisha gesi kwa sababu ya pangaboi, umbo la kioo au mahali ilipowekwa. Ndiyo maana jumuiya ya wahandisi ya Marekani iitwayo ASHRAE ina kipimo chake namba 110, ambacho huweka sanamu ya mtu mbele ya chemba, kikamwaga ndani lita 4 kwa dakika za gesi isiyo na harufu ya salfa heksafloraidi, na kutafuta gesi hiyo puani mwa sanamu. Maabara nyingi hazina uwezo huo. Udi na mwenzako anayetazama kutoka pembeni ndiyo namna ya karibu zaidi ya kulijibu swali hilohilo.

Nani apewe chemba?

Shule yenye chemba moja na wanafunzi arobaini haiwezi kufanya kila kitu ndani yake. Wengi huamua kwa mazoea: kinachonuka kiingie, kisichonuka kibaki nje. Pua ni mwamuzi mbaya. Siki inanuka na haina madhara makubwa, ilhali gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai yaliyooza, huua uwezo wa pua kunusa pindi kiasi chake kinapokuwa kikubwa, yaani wakati hatari imezidi.

Maswali ya kuuliza ni manne. Je, kitu hiki hugeuka hewa kwa urahisi, au kitapashwa moto, au kitatoa gesi? Je, kiasi gani cha mvuke wake kinadhuru? Kitatumika kiasi gani? Na kitatumiwa na watu wangapi kwa wakati mmoja?

Linganisha na spiriti. Mililita 10 za ethanoli zikikauka zote katika chumba chetu hutoa takriban lita 4 za mvuke, nyingi kuliko ile gesi ya shaba, na hewa inafika karibu sehemu 28 kwa milioni. Lakini kikomo cha ethanoli kwa siku ya kazi ni sehemu 1,000. Kwa upande wa mapafu, mililita 10 za ethanoli hazihitaji chemba. Zinahitaji kukaa mbali na moto tu.

Asidi ya haidrokloriki inafundisha jambo jingine, kwamba jina la kemikali halitoshi. Chupa ya asilimia 37 inafuka ikifunguliwa tu, na kuichanganya na maji ni kazi ya chemba bila mjadala. Asidi hiyohiyo ikishapunguzwa hadi moli 0.1 kwa lita haitoi gesi ya maana. Titresheni ya asidi hiyo na soda kali ifanyike kwenye meza, wanafunzi wote kwa pamoja. Kuchanganya rangi, kupima uchachu kwa litmasi, kutengeneza mchanganyiko wa salfeti ya shaba, kupima uzito wa chumvi: hizi zote ni kazi za mezani. Zikipelekwa ndani ya chemba zinachukua nafasi ya kazi inayoistahili, na mizani yenyewe haitulii kwenye upepo.

Swali la idadi ya watu ndilo linalosahauliwa mno. Katika uchambuzi wa chumvi, mwanafunzi hupasha moto kiasi kidogo cha naitreti ya risasi kwenye tyubu. Nusu gramu hutoa kama mililita 70 za ile gesi ya kahawia. Kwa mmoja, katika chumba kilicho wazi, si nyingi. Wanafunzi arobaini wakipasha kwa pamoja ni karibu lita 3, na hewa ya chumba kilichofungwa inafika sehemu 20 kwa milioni, mara nne ya kikomo. Hapo mwalimu ana njia tatu: awapitishe chemba kwa zamu, apunguze kipimo hadi punje chache kwa kila tyubu, au aonyeshe yeye mwenyewe mara moja ndani ya chemba darasa likitazama kupitia kioo. Njia ya pili na ya tatu zinaokoa muda na kemikali pia.

Zipo kazi ambazo chemba ya kawaida haizifai kabisa. Vimelea vya magonjwa vinahitaji kabati la usalama wa kibayolojia lenye vichujio, kwa kuwa chemba ingevitupa nje ya paa vikiwa hai. Asidi ya pakloriki ikichemshwa huacha chumvi ndani ya bomba zinazoweza kulipuka siku fundi atakapogonga, hivyo inahitaji chemba maalumu inayojiosha kwa maji. Na viyeyushi vilivyotumika havipelekwi chemba ili vikauke vipotee. Hiyo ni kutupa taka hewani, juu ya paa la jirani.

Halafu kuna hatari isiyopita hewani. Mwezi Agosti 1996 Profesa Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, alikuwa akipima zebaki ya daimethili ndani ya chemba, amevaa glavu za mpira kama ilivyoshauriwa wakati ule. Matone machache yaliangukia glavu. Kemikali ilipita kwenye mpira na ngozi, na alifariki Juni 1997 kwa sumu ya zebaki. Chemba hulinda pumzi. Mikono inalindwa na glavu iliyochaguliwa kwa kemikali husika.

Umeme ukikatika

Kwetu swali hili haliepukiki. Jenereta nyingi huwasha taa na kompyuta, lakini feni ya chemba haimo kwenye laini yake. Umeme ukikatika wakati bika linafuka, zima moto wa gesi, shusha kioo chote hadi chini, ondoa watu chumbani na ufungue madirisha. Usijaribu kumalizia. Umeme ukirudi, subiri dakika kadhaa na tazama ile karatasi ya tishu kabla ya kuinua kioo, kwa kuwa ndani kumejaa. Hata chemba ikiwa nzima, hewa yake si ya kuvuta. Ile gramu yetu ya shaba ikiyeyuka kwa dakika mbili, hewa inayopita ndani yake hubeba wastani wa sehemu 23 kwa milioni. Kichwa hakiingii humo hata kwa kuchungulia.

Shule isiyo na chemba, au yenye chemba iliyokufa, bado inaweza kufundisha kemia hiyo. Kipande cha shaba cha uzito wa punje ya mchele, karibu gramu 0.02, hutoa mililita 15 tu za gesi. Rangi ya kahawia inaonekana vizuri kwenye tyubu, na tyubu ikizibwa kwa pamba iliyoloweshwa soda, sehemu kubwa ya gesi inanaswa hapohapo. Afanye mwalimu mmoja, dirishani, mara moja. Chemba iliyokufa nayo iandikwe wazi kwenye kioo kwamba haivuti, pamoja na tarehe iliyopimwa. Mwanafunzi anayeamini chemba isiyovuta anasogea karibu na kuinamia kazi kwa ujasiri ambao asingekuwa nao mezani.

Kwa chemba inayofanya kazi, kibandiko kwenye kioo kiwe na mambo matatu: kasi ya wastani na ile ya mraba dhaifu kuliko yote, kimo cha kioo wakati wa kupima, na tarehe. Kipimo kirudiwe angalau mara moja kwa mwaka, na kila mara feni, bomba au pangaboi linapoguswa. Kipima upepo cha kawaida hakihitaji kuwa mali ya kila shule. Shule kadhaa za wilaya moja zinaweza kukinunua kwa pamoja na kupokezana, kwa sababu kila moja inakihitaji kwa nusu siku tu.